Gego la Bibi na dawa ya damu

Neema: Wapendwa, Bibi atang'olewa gego la chini Jumanne asubuhi, naye anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa sababu ya vali ya bandia ya moyo. Je, dawa isimamishwe lini?

Mjomba Salimu: Isimamishwe siku tano kabla, kama nilivyofanyiwa mimi nilipopasuliwa tumbo.

Dada Zawadi: Shikamoo, Mjomba. Kwa tumbo ni kweli, kwa kuwa damu ikivuja huko ndani ni vigumu kuifikia. Tundu la gego tunaliona: tunaweka kipande cha selulosi kinachosaidia damu kuganda, tunashona ufizi, kisha mgonjwa anauma shashi kwa dakika 20 hadi 30 bila kuitoa kila mara ili achungulie. Kinachonitia hofu ni vali, maana donge la damu likijijenga hapo linaweza kusafiri hadi ubongoni na kuleta kiharusi, na kiharusi hakishonwi. Kwa hiyo Bibi aendelee na dawa, ila INR, yaani kipimo cha damu ambacho namba yake hupanda kadiri damu inavyochelewa kuganda, ipimwe ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa, nayo iwe chini ya 4.

Shangazi Mwanaidi: Mimi niliambiwa niruke kidonge cha asubuhi tu, na jioni nikameza kama kawaida. Kwa nini Bibi asifanye hivyo?

Dada Zawadi: Shangazi, wewe unatumia apiksabani, ambayo nguvu yake hupungua ndani ya saa chache. Warfarini hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo kuruka kidonge cha asubuhi hakumsaidii kitu siku hiyo.

Neema: INR ya mwezi uliopita ilikuwa 3.1. Tangu Alhamisi anameza metronidazoli kwa ajili ya uvimbe wa shavu. Ni lazima achomwe tena sindano?

Dada Zawadi: Ni lazima, tena sana. Metronidazoli huzuia ini lisiivunje warfarini kwa kasi yake ya kawaida, kwa hiyo namba ya mwezi uliopita haituambii hali ya leo. Apimwe Jumatatu. Akiumwa, atumie parasetamoli, asiguse aibuprofeni.

Neema (Jumatatu alasiri): Majibu yametoka, INR ni 4.6. Asubuhi alipopiga mswaki niliona mate yake yana wekundu.

Dada Zawadi: Basi kesho hatung'oi. Pigia kliniki ya moyo sasa hivi, uwaeleze namba hiyo, wekundu wa mate na metronidazoli, nao ndio waamue dozi ya warfarini, usiipunguze wewe.

Mjomba Salimu: Si nilisema isimamishwe?

Dada Zawadi: Mjomba, kupunguza dozi kwa sababu INR imepanda si sawa na kuacha dawa siku tano wakati INR iko mahali pake.

Neema: Kliniki wameahidi kunipigia kabla ya jioni. Uvimbe umeshuka, lakini usiku gego bado linamnyima usingizi, naye anauliza litangojwa hadi lini.

Dada Zawadi: Mwambie namba ikishuka chini ya 4 nitamwita siku ya pili yake. Siku yenyewe siwezi kuitaja leo.