Naomba ushauri: betri imeandikwa 3000 mAh, nimepima nikapata 1,730. Nichukue?

Kijana wa Uyole:
Wakuu, habari za usiku. Nataka kuunda betri ya bomba la kupulizia viazi, ya zamani imekufa. Kuna jamaa ana betri za duara zilizotolewa kwenye laptopu, maganda yameandikwa 3000 mAh. Nimejaribu moja: nimeichaji ikajaa, nikaifunga kwenye resista ya simenti ya ohm 5, nikawasha saa ya simu. Ilifika volti 3.0 baada ya saa 2 na dakika 20. 3.7 gawa kwa 5 ni ampea 0.74, mara hayo masaa, napata 1,730 mAh. Kwa betri iliyotumika, si mbaya?

Mama Vifaranga:
Mimi mwaka jana nilinunua pawabenki ya kuwashia taa bandani. Imeandikwa namba ndefu kama ya NIDA, saa nne usiku giza. Vifaranga wangu sitawasahau.

Ngosha Mgeni:
Ni baridi hiyo. Kwa Mbeya ya mwezi wa saba betri yoyote inapungua. Ipime mchana juani, utapata 3000 yako.

Fundi Soweto:
Baridi inapunguza kweli, ila jua halirudishi nusu ya betri. Kijana, hiyo 3.0 uliisoma resista ikiwa imefungwa, au umeichomoa?

Kijana wa Uyole:
Mkuu, kwani kuna tofauti? Kila baada ya dakika 10 nilikuwa nachomoa waya, naiacha itulie, ndipo naweka mita, na saa naisimamisha.

Fundi Soweto:
Hapo ndipo ulipojidanganya. Betri ikitua mzigo inapumua, volti zinapanda. Uliposoma 3.0 imepumzika, ikiwa kazini ilikuwa chini sana ya hapo, na kuikamua hivyo kunaiumiza. Halafu umehesabu 0.74 mwanzo hadi mwisho, wakati volti zikishuka na ampea zinashuka.

Rudia. Mita ibaki kwenye vichwa vya betri yenyewe, siyo kwenye ncha za resista, maana waya nao unakula volti. Usichomoe. Andika volti kila nusu saa, na mwishoni kaa hapohapo, kwa sababu inaporomoka ghafla. Ikigusa 3.0 mzigo ukiwa umefungwa, kata. Resista iweke juu ya kigae, itakuwa ya moto.

Mchungaji Mstaafu:
Vijana, kwa nini msinunue betri mpya dukani? Cha bure huua.

Kijana wa Uyole:
Mzee, mpya 30 sizimudu. Na hata hivyo... nimeshalipa nusu.

Fundi Soweto:
Nusu ya 30? Umelipa kabla ya kupima?

Kijana wa Uyole:
Alisema kuna mteja mwingine anazitaka. Na ile moja ilionekana nzima!

*(kesho yake usiku)*

Kijana wa Uyole:
Nimerudia betri ileile. Kabla ya mzigo 4.18. Nilipofunga tu, 3.90. Nusu saa 3.62, saa moja 3.48, saa moja na nusu 3.31. Dakika ya 110 ikagusa 3.00, nikakata. Baada ya muda ikasoma 3.34.

Fundi Soweto:
Wastani wake ni kama 3.49. Gawa kwa 5, ni ampea 0.70. Mara dakika 110, unapata karibu 1,280 mAh. Lakini mimi kinachonitisha ni ile 4.18 kuangukia 3.90. Volti 0.28 zimepotelea ndani ya betri kwa mzigo mdogo tu. Imechoka.

Kata Maneno:
Hii chai jamani. Nani anakaa usiku kucha analinda betri moja Uyole na baridi hii? Dakika 110 kamili? Mimi nadhani huyu ndiye muuzaji, anatafuta wateja kiujanja.

Ngosha Mgeni:
😂 Na viazi vyenyewe havipo.

Kijana wa Uyole:
Muuzaji gani anatangaza betri ya 3000 kwa kusema ina 1,280? Nilijifunika blanketi, mke wangu shahidi. Ilikuwa dakika 108 na kidogo, nikaandika 110.

Kata Maneno:
Aha! Kumbe namba zinapikwa.

Fundi Soweto:
Dakika mbili hazibadilishi kitu. Kijana, nawe usiache bado. Ukifunga 10 sambamba mara mistari mitatu, bomba likivuta ampea 3 kila moja inatoa 0.3 tu. Hata zilizochoka zinaweza kubeba. Shida ni kwamba moja haisemei wenzake 29, na mstari dhaifu ndio utakaowahi kuisha. Salio usilipe kwanza.

Kijana wa Uyole:
Salio nimeahidi Ijumaa, sitaki aniite tapeli. Ila leo nimechukua nyingine mbili, maganda ni yaleyale. Moja imefika dakika 104. Nyingine imekata dakika ya 41.

Mama Vifaranga:
Hiyo ya 41 ndiyo ndugu yake pawabenki yangu.