Mapato yangu yameandikwa "On hold": anwani ya Lubumbashi ijazwe vipi kwenye fomu W-8BEN?

mtafsiri_kampemba (Lubumbashi)

Wandugu, salamu. Ninatafsiri maandishi kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili kwa wateja wa ng'ambo, kupitia jukwaa moja la kazi la Marekani. Nimemaliza kazi tatu, wateja wote wamezipokea na kuzilipia, na jumla yangu imefikia dola 214. Hadi wiki iliyopita fedha hizo ziliandikwa "Pending", nami nikasubiri kwa utulivu, kwa kuwa nilijua kwamba malipo hukaa siku kadhaa baada ya mteja kukubali kazi. Sasa zote zimegeuka kuwa "On hold", na chini yake umetokea mstari mwekundu unaonitaka nikamilishe anwani na maelezo ya kodi.

Nimeijaza fomu W-8BEN ya kodi ya Marekani mara mbili, na mara zote mbili imerudishwa bila kuelezwa kosa liko wapi. Kwenye jina niliandika prenomu yangu na jina la ukoo. Kwenye anwani niliandika sanduku la posta la parokia yetu, kisha Lubumbashi. Nchi nilichagua Congo. Kwenye namba ya kodi niliandika namba ya kadi yangu ya mpiga kura. Fedha hizi ndizo minervali ya watoto wangu wawili, na shule inafunga hesabu mwisho wa mwezi. Mwenye kujua anielekeze, tafadhali.

mwana_wa_himbi (Goma)

Pole, dada. Nionavyo mimi, "Pending" na "On hold" ni kitu kimoja, kwa hiyo subiri siku kumi hivi, fedha zitajifungua zenyewe. Zisipojifungua, fanya kama nilivyofanya mimi: niliandika anwani ya shemeji yangu anayeishi Texas, nayo ikakubaliwa siku ileile. Hawa watu hawazielewi anwani zetu. Katika jambo moja umekosea kweli, nalo ni jina: liandike lote kama lilivyo kwenye kadi, usiache hata moja.

mhasibu_katuba (Lubumbashi)

Dada wa Kampemba, ndugu wa Himbi amesema kweli kuhusu jina, lakini katika mengine mawili naomba usimfuate.

"Pending" ni muda wa kungoja, na huisha wenyewe. "On hold" ya namna yako haina tarehe ya kuisha, kwa sababu inakungoja wewe. Utazitambua hivi: ukibonyeza kiasi kilichoandikwa "Pending", kwa kawaida utaonyeshwa siku ambayo fedha zitakuwa tayari, lakini ukibonyeza kilichoandikwa "On hold" utapelekwa kwenye fomu au kwenye ukurasa wa kupakia hati. Ukikaa miezi sita bila kugusa fomu, dola 214 zitabaki palepale.

Sasa tuje kwenye anwani, maana naamini hapo ndipo fomu yako ilipokwama. Mstari wa 3 wa W-8BEN unataka makazi yako ya kudumu, yaani mahali unapolala katika nchi ambayo wewe ni mkazi wake kwa mambo ya kodi. Maelekezo ya fomu yanakataza waziwazi kuandika sanduku la posta hapo, na yanakataza pia anwani ya kupokelewa barua na mtu mwingine. Sisi tumezoea kuandika B.P. kwa sababu barua haziletwi nyumbani, lakini hapo hawaulizi barua ipitie wapi. Ukitaka kuitaja B.P. ya parokia, mahali pake ni mstari wa 4, ambao ni wa anwani ya barua, nao hujazwa tu iwapo barua zako zinapokelewa mahali tofauti na unapoishi. Kwa hiyo mstari wa 3 uandike avenyu na namba ya nyumba, kisha kartiye na komine ya Kampemba, halafu Lubumbashi. Ukilazimishwa kujaza msimbo wa posta, soma kwanza maelezo ya jukwaa lenyewe, usibuni tarakimu.

Kuhusu jina, kadi zetu zina jina, posnomu na prenomu, ilhali fomu nyingi za mtandaoni zina visanduku viwili tu. Weka prenomu kwenye kisanduku cha kwanza, kisha jina na posnomu pamoja kwenye cha pili. Anayelinganisha fomu na kadi anahesabu maneno: akiona matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, anarudisha.

Na tarehe ya kuzaliwa je, uliijaza namna gani? Fomu inataka mwezi kwanza, halafu siku, halafu mwaka. Aliyezaliwa tarehe 5 mwezi wa 8 akiandika 05-08 kama tunavyoandika sisi, kwao amezaliwa mwezi wa 5. Fomu haitalalamika, kwa kuwa tarehe zote mbili zipo kwenye kalenda. Kosa litaonekana baadaye, kadi itakapofunguliwa.

mhasibu_katuba (Lubumbashi)

Naongeza la Texas, kwa sababu linaweza kumwumiza mtu. W-8BEN ni fomu ya asiye mkazi wala raia wa Marekani. Ukiweka anwani ya Marekani ndani yake, fomu inajipinga yenyewe, na anayekulipa ana haki ya kuitilia shaka na kukudai hati nyingine za kuthibitisha kwamba wewe si mtu wa kule. Ndugu yangu wa Himbi, kukubaliwa siku ya kwanza si kinga. Zaidi ya hayo, chini ya fomu umetia sahihi ukiapa kwamba yote ni kweli, na uwongo chini ya kiapo hicho una adhabu. Maelekezo yanakutaka utoe taarifa ndani ya siku 30 iwapo jambo lililoandikwa limebadilika na kuifanya fomu isiwe sahihi. Lako halikuwa sahihi tangu mwanzo, kwa hiyo nakuomba ulirekebishe leo, kabla hujaombwa.

mwana_wa_himbi (Goma)

Nimekuelewa, mkubwa, nami nitalirekebisha. Lakini elewa nasi wa Goma: wengi wetu huvuka mpaka kwenda Gisenyi kwa mambo ya benki. Je, nikiweka anwani ya Gisenyi ninakopokelea barua, nayo ni kosa?

mhasibu_katuba (Lubumbashi)

Kama unalala Goma, mstari wa 3 ni Goma. Gisenyi inaweza kukaa mstari wa 4. Iwapo jukwaa litakubali akaunti ya benki iliyo katika nchi tofauti na ya makazi yako, hilo ni sharti lao wenyewe, halimo katika W-8BEN.

mpigapicha_bukavu (Bukavu)

Samahani kwa kuingilia. Mimi nauza picha kwenye tovuti ya Marekani, fomu yangu ilikubaliwa zamani, lakini bado wananikata asilimia 30. Dada, hata ukifunguliwa, jiandae kupoteza dola 64 kati ya hizo 214. Ndivyo sheria yao ilivyo kwa Wakongomani, kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na Marekani.

mhasibu_katuba (Lubumbashi)

Ni kweli kwamba mkataba haupo, na ndiyo maana sehemu ya pili ya fomu, ile ya kuomba nafuu ya mkataba, huachwa tupu. Lakini kesi zenu mbili hazifanani.

Wewe unalipwa mrabaha, yaani malipo ya haki ya kutumia picha yako, nao unahesabiwa kuwa pato la Marekani pale picha inapotumiwa Marekani. Kwa hiyo asilimia 30 hukatwa kwenye sehemu hiyo pekee. Ukiuza picha za dola 60 mwezi huu, na dola 20 kati yake zikawa za matumizi ya Marekani, unakatwa 6 na kubaki na 54. Ukiona umekatwa 18, waandikie uulize wamehesabu vipi.

Dada yeye analipwa kwa kazi ya mikono yake, na malipo ya kazi huhesabiwa kuwa ya mahali ilipofanywa. Ameketi Kampemba akatafsiri, kwa hiyo hilo si pato la Marekani na ile asilimia 30 haimhusu. Hatari yake ni nyingine: mtu asiye na fomu halali anaweza kuchukuliwa kama Mmarekani asiyejitambulisha, na hao hukatwa asilimia 24. Majukwaa mengi huona afadhali kuzuia fedha kuliko kukata, na hivyo ndivyo "On hold" yake ilivyozaliwa.

mtafsiri_kampemba (Lubumbashi)

Asanteni sana. Nimefungua tena fomu nikiwa na kadi mkononi, na kuna kosa ambalo hakuna aliyelitaja, kwa kuwa mimi mwenyewe sikulijua. Kwenye orodha ya nchi kuna Congo mbili. Nilichagua ile ya juu bila kutazama, na leo nimeona kwamba msimbo wake ni CG, yaani Brazzaville. Yetu ni CD. Nilikuwa nimeandika Lubumbashi, nchi ya Brazzaville, simu ya 243, na kadi ya Kinshasa! Nimebadilisha nchi, nimeweka avenyu na namba, na majina yote matatu. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa sawa.

Limebaki swali la namba ya kodi, na sasa wanataka pia hati inayoonyesha anwani. Bili ya umeme ya SNEL inakuja kwa jina la mwenye nyumba.

dada_wa_ibanda (Bukavu)

Bili hiyo usiipeleke, mpenzi, jina si lako. Nenda komine ukaombe hati ya makazi. Kabla ya kuondoka dirishani soma kila herufi: mimi waliniandikia avenyu kwa kifupi, na ile niliyokuwa nimeijaza ilikuwa kwa kirefu, nikalazimika kurudi siku ya pili. Piga picha karatasi nzima, pembe zote nne zionekane pamoja na muhuri.

mhasibu_katuba (Lubumbashi)

Congo mbili! Hilo lingetosha peke yake kuirudisha fomu.

Kuhusu namba, kadi ya mpiga kura ni kitambulisho, si namba ya mlipakodi. Mstari wa 6a unataka ile inayoitwa Numéro Impôt, ambayo hutolewa na DGI, idara ya kodi ya nchi yetu. Kama unayo, iandike. Kama huna, usijaze namba nyingine yoyote; kuna kisanduku cha 6b kinachosema kwamba sheria ya nchi yako haikulazimu kuwa nayo, nacho hutiwa alama na yule ambaye kweli hailazimiki.

mpigapicha_bukavu (Bukavu)

Hapo ndipo penye mjadala, mkubwa. Mtu anayepata fedha kila mwezi, hata kama ni kwa mtandao, anaweza kuapa kwamba hapaswi kuandikishwa DGI?

mhasibu_katuba (Lubumbashi)

Umeuliza vema, na sitamjibia dada hapa. Kazi tatu za dola 214 na kazi ya kila mwezi huenda zisiangaliwe kwa jicho moja. Apite kwenye ofisi ya DGI aulize kabla ya kutia alama, kwa kuwa sahihi ni yake.

mtafsiri_kampemba (Lubumbashi)

Narudi baada ya siku nane. Nilipata hati ya makazi, na kule DGI nilielekezwa kuomba namba, nikaiomba. Ilipotoka niliiandika kwenye 6a, nikatia sahihi, nikapakia hati. Jana asubuhi mstari mwekundu haukuwapo tena, na dola 214 zimehamia upande wa fedha zinazoweza kutolewa, bila kukatwa chochote. Kwa kuwa nimetia sahihi mwaka 2025, nimeona kwamba fomu itadumu hadi tarehe 31 Desemba 2028, mradi pasiwe na jambo litakalobadilika na kuifanya isiwe sahihi.

Nami nahama. Mwezi wa tatu tunakwenda kuishi Ruashi. Je, nikijaza anwani mpya siku hiyohiyo, malipo yatakayokuwa njiani yatazuiwa tena, au yatapita kwa fomu ya zamani?