GestureDetector au kufuatilia vidole mwenyewe? Kuswaipu na kushikilia kwa vidole viwili kwenye gemu ya Android

Nahodha_Mdogo
Wakuu, habari za leo. Natengeneza gemu ya mashua kwa Kotlin, inachorwa kwenye SurfaceView. Gumba la kushoto linaswaipu juu au chini ili mashua ihame mkondo. Gumba la kulia linashikilia skrini mpaka tanga lijae upepo, ukiachia mashua inachomoka.

Nilianza na GestureDetector. Kwa kidole kimoja iko safi, vikiwa viwili kushikilia kunakufa. Nikaandika mwenyewe ndani ya onTouchEvent, ikaja shida nyingine: cha kushoto kikiwa tayari kwenye skrini, cha kulia kikigusa tu tanga linajaa hapo hapo bila kusubiri. Halafu wanaonijaribia wanasema mashua inageuka yenyewe. Nimewaangalia mikononi, ni shina la gumba linaegemea ukingo wa skrini. Niendelee na njia ipi?

Kijana_wa_Kotlin
Usijichoshe kuandika upya, mkuu. Tengeneza GestureDetector mbili. Ndani ya onTouchEvent, kama `e.x` ni chini ya nusu ya upana, mpe wa kushoto, la sivyo mpe wa kulia. Ukingoni weka ukanda wa 48dp pande zote usiosikia mguso. Umemaliza.

Bi_Mguso
Kijana, wazo la detekta mbili si baya, ila kwa namna hiyo halitasimama. Kidole cha pili hakiji kama ACTION_DOWN, kinakuja kama ACTION_POINTER_DOWN, na GestureDetector ikiona hiyo inafuta kushikilia kote kulikokuwa kunasubiri. Ndicho kilichomkuta Nahodha. Tena `e.x` peke yake ni ya kidole kilicho nafasi ya 0, kwa hiyo unauliza kidole cha kulia kiko wapi na unajibiwa kuhusu cha kushoto.

Zingefanya kazi kama ungeweka View mbili zisizoonekana juu ya SurfaceView, kila moja na detekta yake. Hapo mfumo unagawa vidole na kila View inapata ACTION_DOWN yake. Inatosha kwa kidole kimoja kila upande. Lakini shina la gumba likigusa upande ule ule wa kidole, kushikilia kunakufa tena, na hilo ndilo linalowapata wachezaji wake. Kwa gemu hii ningefuatilia vidole mwenyewe.

Nahodha, tanga kujaa papo hapo nadhani najua limetoka wapi. Unapima muda kwa `e.downTime`, siyo?

Nahodha_Mdogo
Ndiyo. `e.eventTime - e.downTime`, ikizidi 400 najaza tanga.

Bi_Mguso
Basi ndiyo hiyo. `downTime` ni saa kilipogusa kidole cha kwanza cha mguso wote. Kama cha kushoto kimekaa sekunde 3, cha kulia kinazaliwa tayari kina milisekunde 3000. Kila kidole kiwekee kumbukumbu yake mwenyewe, na uitafute kwa pointer ID. Index usiitegemee, inabadilika kidole kingine kikiinuka. ID haibadiliki mpaka kidole chenyewe kiinuke.

```kotlin
when (e.actionMasked) {
  ACTION_DOWN, ACTION_POINTER_DOWN -> {
    val i = e.actionIndex
    vidole.put(e.getPointerId(i),
      Kidole(e.getX(i), e.getY(i), e.eventTime))
  }
  ACTION_MOVE -> for (i in 0 until e.pointerCount) {
    val k = vidole[e.getPointerId(i)] ?: continue
    k.sogea(e.getX(i), e.getY(i))
  }
}
```

Kwenye ACTION_MOVE pitia vidole vyote kama hapo. Tukio moja linabeba vidole vyote, na `actionIndex` huko ni 0 siku zote. Wengi wanaikosea hiyo, kisha wanashangaa kwa nini kidole cha pili hakisogei.

Jambo la pili: usipime kushikilia ndani ya ACTION_MOVE. Kidole kikitulia kabisa, tukio linaweza lisije, na mchezaji mwenye mkono mtulivu ndiye atakayenyimwa upepo. Pima kwenye kila fremu ya gemu, `SystemClock.uptimeMillis()` ukitoa saa uliyohifadhi.

Mpiga_Fimbo
Mimi nilihangaika sana na eneo lisilosikia kwenye Godot. Fimbo ya pedi ilikuwa inasukuma mchezaji hata nikiiachia. Nikaweka 0.2 na ikatulia. Jaribu 0.2 kwanza.

Bi_Mguso
Hiyo ni ya fimbo, mkuu, sehemu ya katikati ambayo fimbo ikitikisika haihesabiwi. Kwa Nahodha yako mawili tofauti. Moja ni umbali: kidole kisogee kiasi gani ndipo tuseme kinaswaipu. La pili ni mahali: mguso uanzie wapi ndipo tuusikilize.

Nahodha, umbali umeweka kiasi gani?

Nahodha_Mdogo
Pikseli 20. Kwenye simu yangu ya density 2 ni safi kabisa. Kwa rafiki yangu mwenye simu ya density 3.5, kugusa tu kunageuza mashua.

Bi_Mguso
Pikseli 20 kwako ni 10dp, kama milimita moja na nusu. Kwake ni chini ya 6dp, haifiki hata milimita moja. Nyama ya kidole ikibonyea tu, imeshavuka. Tumia `ViewConfiguration.get(context).scaledTouchSlop`, kwa kawaida ni 8dp na mfumo unakugeuzia kuwa pikseli. Chini ya hapo ni mguso uliotulia. Kwa kuswaipu mimi ningedai zaidi, 24dp, na mwendo wa wima uuzidi wa mlalo.

Ukanda wa ukingoni: 48dp pande zote ni mkubwa mno, utakula nafasi ya magumba yenyewe. Anza na 20dp kwenye kingo mbili ambako mikono imeshika simu. La muhimu zaidi ni kuhukumu pale mguso *ulipoanzia* tu. Mguso ulioanzia ukingoni upuuzwe mpaka uinuke, hata ukiteleza kuingia ndani, kwa sababu shina la gumba ndivyo linavyofanya. Na kidole kilichoanzia ndani kikatoka hadi ukingoni kiendelee kuhesabiwa. Ukihukumu kila fremu, swaipu nzuri zitakatika njiani.

Abiria_wa_Daladala
Mimi si mtaalamu sana, ila nachezea gemu kwenye daladala. Barabara ya mashimo, kushikilia kunakatika kila mara maana kidole kinatikisika. Hiyo 8dp itanitosha kweli?

Bi_Mguso
Kwa upande wa tanga haitakutosha, una haki. Kulia hakuna kuswaipu, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta kushikilia eti kidole kimesogea. Nahodha, upande ule ruhusu hata 40dp.

Kijana_wa_Kotlin
Nimekubali ya `e.x`, sikuijua. Ila swaipu ihesabiwe lini? Mimi nasubiri kidole kiinuke, ndivyo onFling inavyofanya, unapata kasi pia.

Bi_Mguso
Kwa kuhama mkondo ningeihesabu papo hapo inapovuka 24dp. Ukisubiri kidole kiinuke, mashua itagonga mwamba mchezaji akiwa ameshaswaipu.

Kijana_wa_Kotlin
Ila hapo huwezi kufuta. Mtu akianza juu akabadili nia, mashua imeshakwenda. Kwangu hilo linauma zaidi.

Nahodha_Mdogo
Nimejaribu jioni hii. Muda wa kila kidole umeponya tanga. Ukanda wa 20dp umeondoa karibu miguso yote ya shina la gumba, isipokuwa kwa dada mmoja mwenye simu ya kingo zilizopinda, kwake nimefika 28dp. Limebaki moja: mara chache tanga linabaki limejaa na hakuna kidole kwenye skrini.

Bi_Mguso
Angalia kama unashughulikia ACTION_CANCEL. Simu za Android 10 kwenda juu, mtu akiswaipu kutoka ukingoni mfumo unaweza kuuchukua mguso kama ishara ya kurudi nyuma, na ACTION_UP haiji kamwe. Ukipata CANCEL, futa vidole vyote na tanga lishuke bila mashua kuchomoka.

Nahodha_Mdogo
Sikuwa nayo kabisa. Naiweka sasa hivi. Swaipu ya kuinua na ya papo hapo nitaziweka zote mbili, niwape watu wale wale wacheze zamu kwa zamu.