Torki na nguvu za farasi: mbona dizeli yenye farasi 102 inavuta mlimani kuliko petroli yenye 160?

Pikapu_Mbili
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijalipa. Nachagua kati ya pikapu mbili zenye bodi moja, zote gia tano za mkono. Ya kwanza ni petroli ya lita 2.7: nguvu za farasi 160 kwenye mizunguko 5,200, torki Nm 241 kwenye 3,800. Ya pili ni dizeli ya lita 2.5 yenye tabo: farasi 102 kwenye 3,600, torki Nm 260 kuanzia 1,600 hadi 2,400.

Torki zimeachana kwa Nm 19 tu, na farasi petroli inaongoza kwa mbali. Lakini nimezijaribu zote mlima uleule, mzigo kilo 700. Dizeli ilipanda na gia ya tatu kwenye mizunguko 1,800 bila shida. Petroli ilianza kukata pumzi, nikashusha ya pili. Sasa niamini namba ipi?

Mlima_Mkali
Torki ndiyo inayovuta, farasi ni za spidi tu. Dizeli ina mgandamizo mkubwa, 18 kwa 1, na pistoni yake ina safari ndefu, kwa hiyo krenki inafanya kazi kama spana ndefu. Ndiyo maana ina nguvu kwenye mizunguko ya chini. Chukua dizeli, usijiulize mara mbili.

Bi_Nozeli
Mkuu Mlima_Mkali, dizeli kuwa na nguvu chini ni kweli, ila sababu ulizotoa nyingine hazisimami. Nianze na swali la mleta uzi.

Torki ni jinsi injini inavyoisokota krenki. Farasi ni msokoto huohuo ukihesabiwa na kasi yake. Huwezi kuzitenganisha:

```
farasi = Nm x mizunguko kwa dakika / 7121
```

Sasa hesabu pale mlimani kwenye 1,800. Dizeli inatoa Nm 260, ambazo ni farasi 66. Petroli haijafika kilele chake, chukulia inatoa Nm 200 hivi: farasi 51. Kumbe kwenye mizunguko ile dizeli iliizidi kwa torki na kwa farasi pia. Zile 160 zipo, lakini zinakaa kwenye 5,200, mahali ambapo mguu wako haukufika.

Kwa hiyo usisome namba ya kilele peke yake, soma na mizunguko yake. Nm 260 kwenye 1,600 na Nm 241 kwenye 3,800 ni vitu viwili tofauti kabisa kwa dereva.

Kuhusu spana ndefu: kwa ujazo uleule wa lita, ukirefusha safari ya pistoni lazima uipunguzie upana. Mkono wa krenki umekuwa mrefu, lakini uso unaosukumwa na gesi umekuwa mdogo, na hivyo viwili vinafutana. Mgandamizo nao unasaidia zaidi kubana matumizi ya mafuta kuliko kuongeza msokoto.

Ushahidi ni dizeli isiyo na tabo. 1HZ ya Toyota, lita 4.2, inatoa kama Nm 285. Gawanya: Nm 68 kwa kila lita. Petroli ya mleta uzi inatoa 89 kwa lita. Dizeli yake ya tabo, 104. Dizeli tupu haiwezi kuitumia hewa yake yote, ukiizidishia mafuta inatoa moshi mweusi kabla hayajaungua vizuri. Kinachoinua torki ya dizeli za leo ni tabo inayosukuma hewa mapema.

Mlima_Mkali
Hesabu nimeielewa, nakubali hapo kwenye spana. Lakini 1HZ hakuna asiyejua inavyovuta chini, na haina tabo. Utalielezaje hilo?

Bi_Nozeli
Swali zuri. Kwanza lita 4.2 ni nyingi. Pili, kilele chake kipo karibu na 2,200, kwa sababu valvu na njia za hewa zimepangwa kwa mizunguko ya chini. Tatu, na hili ndilo mguu unalihisi zaidi, dizeli ya namna ile haina kizibo cha hewa kama petroli. Silinda hujaa hewa kila mara, mafuta tu ndiyo hupimwa. Ukiachia klachi bila kukanyaga mafuta, mizunguko inaanza kushuka, na gavana ya pampu inaongeza mafuta yenyewe papo hapo. Gari linaondoka bila kuzimika. Ongeza flaiwili nzito na gia ya kwanza fupi, dereva anasema "hii ina torki" hata kama kwa lita moja ni ndogo.

Gharama yake inaonekana juu. Mafuta ya dizeli yanahitaji muda kuchanganyika na hewa na kuungua, na pistoni na konrodi zake ni nzito. Karibu na 4,000 imeshachoka, ndiyo maana farasi za dizeli ya mleta uzi zinaishia 102.

Zamu_ya_Usiku
Yangu ni dizeli ya tabo pia, lakini chini ya 2,000 haina kitu kabisa, ikivuka hapo inavuta vizuri. Mlimani moshi mweusi. Ina maana torki yake imekwisha, nibadilishe nozeli?

Fundi_Difu
Kaka, usiguse nozeli kwanza. Moshi mweusi chini ya mzigo maana yake hewa haitoshi mafuta yanayoingia. Anza na mabomba ya mpira kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini. Tafuta alama za oili mbichi kwenye viungo, paka maji ya sabuni, mwenzako akanyage mafuta. Povu likitoka hapo ndipo panapovuja. Kama mabomba ni mazima, na tabo yako ni ile yenye mapezi yanayojirekebisha, angalia mkono wake na bomba dogo la vakyumu. Mapezi yakikwama kwa masizi yakiwa wazi, tabo huchelewa kuamka, ikishapata moshi wa kutosha inafanya kazi kama kawaida. Inafanana sana na dalili zako.

Pikapu_Mbili
Asante sana, dada Bi_Nozeli. Kwa hiyo petroli ningeshusha gia mapema na kuiacha izunguke, ingeshinda?

Bi_Nozeli
Ndiyo, ila uizungushe kweli. Gia ya pili kwa spidi ileile inakupeleka kama 2,700, na hapo petroli inatoa farasi 85 hivi, zaidi ya zile 66 za dizeli ikiwa gia ya tatu. Lakini dizeli nayo ikishushwa ya pili bado itakuwa mbele kidogo. Petroli inaipita kuanzia kwenye 3,000 hivi. Kwenye 3,800 ina farasi 129, ambazo dizeli haizipati popote.

Ukichukua dizeli, usidanganywe na uvutaji wake ukaiburuza 1,100 kwenye gia ya nne. Pale tabo haijaamka, injini inatetemeka, na mtikisiko unaishia kwenye klachi na giaboksi. Mlimani na mzigo ishikilie kati ya 1,700 na 2,400, ikishuka hapo badili gia.

Fundi_Difu
Mimi bado naona kwa mzigo wa kilo 700 mara moja moja petroli inatosha, nozeli na pampu za dizeli ni ghali zikiharibika. Mleta uzi, kwa wiki unapanda na mzigo mara ngapi?