Robo ya maini au robo ya nyama: kipi bora kwa mtu mwenye upungufu wa damu?

FundiBomba: Wakuu, habari za jioni. Nina mtu nyumbani, kapimwa damu ikaonekana ipo 9.6. Nataka kila siku ale robo kilo ya maini ya ng'ombe badala ya steki. Je, maini yana protini kama nyama, au nitakuwa namnyima? Na mafuta yake vipi? Naombeni majibu ya haraka, silali.

KisuKikali: Mnyime steki uone kama yeye atalala.

MamaWawili: Maini hapana kaka. Ini ndilo linalochuja uchafu wote wa mnyama, sumu inabaki humo humo. Mpe tembele na rosela.

MpishiWaWodi: Sumu haikai humo, MamaWawili, ini linaivunja na kuitoa. Lakini kuna vitu ini huweka akiba kweli, nitavirudia.

FundiBomba, kwa protini usihofu. Robo ya maini mabichi ina gramu 50 hivi, sawa na robo ya steki isiyo na mfupa. Figo ziko nyuma kidogo, kama 43. Mafuta, maini na figo hazifiki gramu 10 kwa robo, wakati nyama ya mbavu inaweza kufika 40 na zaidi. Ila ukikaanga, kila kijiko kikubwa cha mafuta kinaongeza gramu 13 au 14, na faida hiyo umeimwaga kwenye kikaango. Madini ya chuma ndipo penye tofauti: maini miligramu 12, figo zaidi kidogo ya 11, steki 5 au 6. Sasa niambie, anayekula ni nani?

FundiBomba: Asante mkuu. Ni mtu mzima tu.

BabuWaGauti: Mimi figo za kuchemsha ndizo zilizonimaliza. Kila Jumamosi, sahani nzima na ndizi. Siku moja naamka, dole gumba la mguu limevimba, hata shuka likigusa napiga kelele. Daktari akaniuliza nakula nini, nikamtajia, akacheka. Mwenye gauti asiguse maini wala figo.

MpishiWaWodi: Pole babu, ni kweli kabisa. FundiBomba, mtu mzima gani? Mwanamume? Bibi?

FundiBomba: Mke wangu.

MpishiWaWodi: Ana mimba?

FundiBomba: Wiki ya 9. Sikuona kama inahusu, nimeuliza protini. Kliniki walimpa vidonge vya damu, vinamtapisha, kaviacha tangu wiki iliyopita. Ndiyo maana nimeamua maini, ni chakula cha asili. Na bucha nimeshalipia mwezi mzima.

MpishiWaWodi: Hapo ndipo inapohusu. Akiba niliyosema ni vitamini A. Gramu 100 za maini mabichi ya ng'ombe zina karibu maikrogramu 5,000, na kikomo cha mjamzito kwa siku ni 3,000. Robo yako inafika 12,000, mara 4 ya kikomo, kila siku, katika miezi ambayo viungo vya mtoto vinaumbika. Ikizidi hivyo inaweza kumletea mtoto kasoro. Kupika hakuiondoi.

Figo zina chuma karibu sawa na maini, lakini vitamini A yake haifiki hata sehemu ya 10. Mwambie wa bucha akubadilishie. Zipasue katikati, toa ule mshipa mweupe wa ndani, loweka kwenye maji ya ndimu nusu saa, harufu itapungua.

FundiBomba: Mama yangu alikula maini mimba zote 6. Mbona tuko wazima?

MamaWawili: Alikula robo kila siku, au vipande viwili siku ya sikukuu?

KisuKikali: Ngojeni kwanza. FundiBomba, mwezi jana si wewe uliyeuliza friji gani inafaa kufungulia bucha? Leo mke ana mimba na maini yamelipiwa. Hii ni hadithi, watu wanapimwa kama wateja watanunua viungo vya ndani.

MamaWawili: Eeh! Nimeona huo uzi. Nilichangia hata mimi.

FundiBomba: Bucha ni ya shemeji, ndiye niliyemuulizia friji. Kwa hiyo kurudisha maini ni ugomvi wa ukoo. Mnataka nipige picha kadi ya kliniki?

KisuKikali: Kadi hata mimi naazima.

MpishiWaWodi: Awe mkweli au mwongo, kuna mjamzito mwingine anasoma hapa. Robo ya figo inampa miligramu 11 tu, na mjamzito anahitaji kama 27 kwa siku, zaidi damu ikiwa imeshapungua. Nyama haichukui nafasi ya kidonge. Arudi kliniki aseme kinamtapisha, wapo wanaotulia wakikimeza usiku baada ya chakula, na dawa nyingine zipo.

BabuWaGauti: Na hayo maini ya mwezi mzima anakula nani?

FundiBomba: Shemeji kasema figo kwa siku anapata jozi 2, na zina wateja wake tayari.