Mrejesho: picha ya jani la muhogo, Micheweni

Niliuliza: "Majani ya juu ya muhogo wangu yana manjano. Nimeweka picha, je, huu ni ugonjwa wa batobato?"

Asalaam aleykum. Shekhe uliyesema picha haisomeki, ulikuwa sahihi. Niliipiga saa saba mchana, jua likapausha jani zima, na nyuma yake yalikuwa majani mengine, hata ukingo wa jani hauonekani.

Leo asubuhi nimechuma jani changa, nikalilaza juu ya karatasi ya kaki kwenye kivuli cha ukuta. Chini ya mwembe sikutaka, kwani mwanga wake unaingia ukijani. Karatasi nyeupe nayo nimeijaribu, simu ikalitia jani giza. Pembeni nimeweka rula.

Kilichonisumbua zaidi ni kulenga. Nikiisogeza simu karibu mno, rula inatoka safi na jani lina ukungu. Nikarudi nyuma kiasi cha shubiri, nikagusa jani kwenye kioo, nikapiga, kisha nikaikata picha. Upande wa chini nao nikaupiga vivyo hivyo.

Sasa inaonekana: vidoa vya manjano ni vidogo kuliko milimita moja, na jani halikujikunja. Batobato ingekuwa na mabaka makubwa na jani lililopinda. Chini kuna vidudu vya kijani kando ya mishipa. Shekhe umeshaiona, umesema ni utitiri. Nashukuru sana, maana nilikuwa nishashika jembe niing'oe mihogo yote.