UZI WA MALALAMIKO: Miaka 32 kazini, pensheni ya miezi 192

Ndugu wanajukwaa, nimefungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nilisajiliwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii Machi 1991, nikastaafu Machi 2023 nikiwa na umri wa miaka 60. Kwa muda wote huo nilijihesabu kuwa mwanachama wa miaka 32, na hakuna mwajiri wala afisa aliyewahi kunisahihisha. Siku nilipokabidhiwa karatasi ya hesabu ya mafao, nilikuta miezi ya uchangiaji imeandikwa 192, wakati kalenda ina miezi 384. Ni nusu kamili.

Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi za ujenzi wa barabara. Wanaoijua kazi hii wanajua kwamba mkandarasi anakuajiri mradi ukianza na kukuaga lami ikikauka, kisha unakaa nyumbani mwaka mmoja, wakati mwingine mitatu, ukishika vibarua ambavyo hakuna anayekukatia mchango, mpaka zabuni nyingine ipatikane. Mapengo hayo ndiyo yaliyonimaliza, kwa kuwa kanuni inayotumika Tanzania tangu Julai 2022 haiulizi umekuwa mwanachama tangu lini, bali inauliza ni miezi mingapi iliyolipiwa. Wastani wa mshahara wangu uliochukuliwa ni shilingi 900,000 kwa mwezi, yaani 10,800,000 kwa mwaka, na hesabu yenyewe ni hii:

```
192 × 10,800,000 ÷ 580 = 3,575,172 kwa mwaka
```

Ukigawanya kwa miezi 12 unapata shilingi 297,931. Asilimia 67 ya hiyo, shilingi 199,614, ndiyo pensheni yangu ya kila mwezi, na asilimia 33, kiwango cha wakati huo, ilizidishwa kwa 12.5 ikawa mkupuo wa takriban shilingi milioni 14.7.

Sasa mtazameni jirani yangu, mtunza stoo aliyeanza kazi mwaka ule ule, asiyewahi kukaa bila ajira hata mwezi mmoja. Mshahara wake haukuwahi kuvuka 600,000, lakini ana miezi 384, kwa hiyo anapokea zaidi ya shilingi 266,000 kila mwezi. Simwonei kijicho, amestahili. Ninachouliza ni kwa nini hakuna aliyetuambia, sisi wa miradi, kwamba mshahara mkubwa wa vipindi unaweza kushindwa na mshahara mdogo usiokatika.

Kuna jambo lililoniuma zaidi. Kati ya 2010 na 2012 nililipwa 1,400,000 kwa mwezi, na kila mwezi ziliingia katika mfuko shilingi 280,000, nusu kutoka kwangu na nusu kutoka kwa mwajiri. Mshahara huo haukuhesabiwa kabisa, kwa sababu wastani hutafutwa katika miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi kabla ya kustaafu, na miaka yangu kumi ya mwisho ilijaa mapengo na mikataba midogo. Laiti ningeupata mradi ule mwishoni, miezi ile ile 192 ingenipa shilingi 310,000 na ushee kwa mwezi. Haki iko wapi hapo?

Mzee wa Kikokotoo: Pole sana, mkuu. Shida yote ni hiyo asilimia 33. Zamani watu walichukua nusu ya mafao yao kwa mkupuo na kanuni iligawanya kwa 540. Wakirudisha ile ya zamani, malalamiko haya yatakwisha.

Afisa Utumishi Mstaafu: Mzee wangu, hapo umesema kweli nusu. Nusu ya mkupuo na kigawanyo cha 540 vilikuwa vya mifuko ya watumishi wa umma, lakini wengi wa sekta binafsi walikuwa tayari kwenye 580 na mkupuo wa asilimia 25, kwa hiyo kwa ndugu yetu 33 si punguzo. Isitoshe, asilimia inaamua tu kiasi gani kitoke leo na kiasi gani kije kila mwezi. Keki ni ile ile, na ukubwa wake unatokana na miezi na wastani wa mshahara.

Kuhusu miaka kumi ya mwisho, naelewa uchungu wako, ila kwa walio wengi kanuni hiyo ni kinga, maana mshahara wa miaka ya tisini ukihesabiwa leo ni pesa ya nauli. Inamwumiza aliyefika kileleni mapema kisha akashuka, nawe uko katika kundi hilo. Ningependa kujua jambo moja: je, mapengo yote 192 ni ya kukosa kazi kweli? Weka hati zako za mshahara kando ya taarifa ya michango, mwezi kwa mwezi. Pengo la kukosa kazi huwa refu na huanza mkataba unapoisha. Mwezi mmoja mmoja ukikosekana katikati ya mkataba, mara nyingi mwajiri amekata na hakuwasilisha.

Mchimbaji wa Kanda ya Ziwa: Wewe angalau una 192. Mimi kila mkataba wa mgodini ulipoisha nilikuwa nachukua fao la kujitoa, nikanunua pikipiki na kiwanja, na kila nilipolichukua miezi yangu ilirudi sifuri. Fao hilo lilipoondolewa na sheria ya 2018 na kuletwa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, sote tulilaani. Sasa nina umri wa miaka 54 na miezi 71 tu.

Mama Junior: Samahani, naomba kuuliza. Mimi niliacha kazi miaka minne kulea watoto. Je, ile miaka 15 ya kustahili pensheni lazima ifuatane? Kama ni hivyo, nimekwisha.

Afisa Utumishi Mstaafu: Hapana, dada, hailazimiki kufuatana. Miezi 180 hujumlishwa popote ilipo. Hatari ni kuishia 179, kwa kuwa hapo pensheni ya kila mwezi haipo, unapewa malipo ya mkupuo tu. Mwenye uzi alibakiwa na miezi 12 tu juu ya mstari huo.

Mwenye uzi: Nimefanya ulivyoelekeza, nami nimezidi kukasirika. Katika mkataba wa 2015 hadi 2016 kuna miezi 14 ambayo hati za mshahara zinaonyesha makato, lakini taarifa ya michango iko tupu. Kwa wastani wangu, kila mwezi mmoja una thamani ya takriban shilingi 1,040 katika pensheni ya kila mwezi hadi nitakapokufa, pamoja na shilingi 76,800 katika mkupuo. Miezi 14 ni zaidi ya shilingi 14,500 kwa mwezi na mkupuo wa milioni moja na ushee. Hiyo si bahati mbaya ya soko la ajira, huo ni wizi. Kampuni yenyewe ilishafungwa.

Afisa Utumishi Mstaafu: Peleka nakala za hati hizo na mkataba ofisini, uandike barua ya madai, usiondoke bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kampuni ingekuwa hai, mfuko ungeidai. Ikiwa imefungwa, nimeona majalada yaliyofanikiwa na yaliyokwama, kwa hiyo sitakuahidi.

Mzee wa Kikokotoo: Bado nasema warudishe 540.

Mwenye uzi: Mzee, hata kwa 540 miezi yangu ni 192. Jumatatu napeleka barua. Kama yupo aliyewahi kurudishiwa miezi ya kampuni iliyofungwa, aseme hapa alitumia ushahidi gani.